Ukanda wa Kuchoma Mafuta: Saa Inachosema na Moyo Unachofanya

Asubuhi vyombo vinaporejea katika diko la Tumbe, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, kazi haiishii baharini. Samaki hushushwa na kubebwa hadi mnadani, na ngalawa hukwezwa mchangani kwa mikono na mabega. Hapo ndipo nilipokutana na mvuvi mmoja mwenye umri wa miaka 58, aliyevaa saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo. Ilikuwa zawadi kutoka kwa mwanawe anayefanya kazi Maskati. Mzee huyu anatibiwa shinikizo la damu, na mwanawe alikuwa amemwelekeza kwa simu kwamba mafuta ya tumboni hayatoki mpaka moyo uingie katika “ukanda wa kuchoma mafuta.” Kwa umri wake, saa ilikuwa imeuweka ukanda huo kati ya mapigo 97 na 113 kwa dakika.

Tatizo lake lilikuwa kwamba hakuufikia. Alipokwisha kukweza ngalawa pamoja na wenzake, jasho likimtiririka, saa ilisoma 91 na kumwarifu kwamba bado anapasha mwili moto. “Daktari,” aliniuliza, “basi miaka yote hii mimi nachoma nini?” Nilicheka naye, lakini kicheko kilinikauka aliponieleza alichofanya baadaye. Alikuwa ameacha kumeza kidonge chake cha atenololi kwa siku nne, kwa kuwa aligundua kwamba bila kidonge namba ya saa hupanda.

Makala haya yanatokana na kidonge hicho. Hoja yangu ni kwamba ukanda wa kuchoma mafuta umejengwa juu ya jambo la kweli katika fiziolojia, kisha ukanyooshwa mpaka ukasema lisilo kweli. Kwa wengi kosa hilo huleta usumbufu mdogo tu, lakini kwa mtu kama mzee huyu linaweza kuwa hatari.

Tuanze na lililo kweli. Misuli ya binadamu hutumia nishati kuu mbili, mafuta na wanga. Wanga huhifadhiwa ndani ya misuli na ini kwa umbo la glaikojeni, nayo ni akiba ndogo. Mafuta ni akiba kubwa, hata kwa mtu mwembamba. Mtu anapopumzika au kutembea polepole, sehemu kubwa ya nishati yake hutoka katika mafuta. Kadiri kazi inavyozidi kuwa nzito, misuli huhitaji nishati kwa haraka zaidi, na wanga hupatikana kwa haraka kuliko mafuta. Kwa hiyo sehemu ya wanga huongezeka na sehemu ya mafuta hupungua. Jambo hili hupimwa kwa kulinganisha hewa ya kaboni dioksidi inayotolewa na oksijeni inayovutwa, kwa kuwa mafuta na wanga hutofautiana katika uwiano huo. Mwaka 1993 Romijn na wenzake walionyesha mabadiliko haya kwa wanariadha wa baiskeli waliopimwa katika viwango vitatu vya uzito wa kazi. Hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi unaanza pale neno “sehemu” linaposomwa kana kwamba ni “kiasi.” Nusu ya mkate mdogo inaweza kuwa pungufu kuliko theluthi ya mkate mkubwa. Tumchukue mwanamume wa miaka 40, mwenye kilo 80 na mazoezi ya wastani, anayetembea katika barabara ya Tumbe kuelekea Konde kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa. Mwendo huo humhitaji karibu lita moja ya oksijeni kila dakika. Kila lita ya oksijeni inayotumika mwilini hutoa karibu kilokalori 5. Ni pungufu kidogo iwapo kinachoungua ni mafuta, na ni zaidi kidogo iwapo ni wanga. Kwa dakika 45 atakuwa ametumia kilokalori zipatazo 220. Tukikadiria kwamba nusu yake imetoka katika mafuta, hizo ni kilokalori 110. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, kwa hiyo ameunguza gramu 12 hivi.

Siku ya pili mtu yuleyule anakimbia taratibu, au anapanda kilima kwa haraka, kiasi cha kuhitaji lita mbili za oksijeni kwa dakika. Saa inamwambia kwamba ametoka nje ya ukanda. Kwa dakika zilezile 45 sasa ametumia kilokalori 440. Sehemu ya mafuta imeshuka, tuseme mpaka asilimia 35. Lakini asilimia 35 ya 440 ni kilokalori 154, yaani gramu 17 za mafuta. Amepoteza asilimia na amepata gramu. Ni kweli kwamba kupanda huku kuna kikomo: kazi ikizidi kuwa nzito hadi mtu anahema kwa shida, hata gramu zenyewe za mafuta hupungua, kwa kuwa wanga huchukua karibu kazi yote. Walakini kilele cha uunguzaji wa mafuta, kwa watu wengi waliozoea mazoezi, hakipo katika matembezi ya polepole. Kipo katika kazi ya wastani, na mahali pake hasa hutofautiana sana baina ya mtu na mtu. Hakuna mstari mmoja unaoweza kuchorwa kwa kujua umri peke yake.

Mtetezi wa ukanda anaweza kujibu kwa haki: “Umempa dakika sawa. Mpe kalori sawa uone.” Tumpe. Anayekimbia atamaliza kilokalori 220 kwa dakika 22 hivi, na kati ya hizo mafuta ni gramu 8 au 9, chini ya zile 12 za mtembeaji. Je, mtembeaji ameshinda? Ameshinda kwa muda wa zoezi tu. Mwili haufungi hesabu zake mtu anapovua viatu. Aliyetumia wanga mwingi atarudi nyumbani akiwa na glaikojeni iliyopungua. Chakula atakachokula kitaelekezwa kwanza kujaza pengo hilo, na katika saa zinazofuata mwili wake utategemea mafuta zaidi. Aliyetumia mafuta mengi barabarani atatumia wanga zaidi baadaye. Hesabu ikifanywa kwa siku nzima, tofauti ile ya gramu tatu au nne hufifia sana. Kinachoamua iwapo mafuta ya mwili yatapungua kwa wiki na miezi ni tofauti baina ya nishati iliyoingia na iliyotoka. Aina ya nishati iliyoungua kati ya saa kumi na saa kumi na moja ya jioni haiamui hilo.

Kwa sababu hiyo nawaambia wanaofanya mazoezi kabla ya futari katika mwezi wa Ramadhani, kwa imani kwamba tumbo tupu huyeyusha mafuta maradufu, kwamba wana nusu ya ukweli. Mtu aliyefunga huunguza sehemu kubwa zaidi ya mafuta wakati wa zoezi. Lakini futari itakuja, na hesabu ya siku itajisawazisha. Afanye zoezi wakati huo ikiwa ndio unaomfaa, akijua kwamba mwili wake una upungufu wa maji na kwamba hapati faida ya siri.

Nimesema juu ya mafuta. Sasa nigeukie mapigo ya moyo, maana hapo pana kosa la pili ambalo watu wachache huliona. Saa haipimi kalori. Inahesabu mapigo, kisha inakisia. Ili tujue kisio hilo lina thamani gani, yatupasa kufuata njia ya oksijeni kutoka moyoni hadi kwenye misuli.

Oksijeni anayotumia mtu kwa dakika hutegemea mambo matatu: idadi ya mapigo, kiasi cha damu kinachosukumwa kwa kila pigo, na kiasi cha oksijeni ambacho misuli huchukua kutoka katika damu hiyo. Mambo haya matatu huzidishwa pamoja. Kanuni hii ilielezwa na tabibu wa Kijerumani, Adolf Fick, mwaka 1870, na hadi leo ndiyo msingi wa upimaji wa kazi ya moyo. Saa ya mkononi inaona jambo la kwanza tu. Mawili mengine hayaoni kabisa.

Fikiria wanaume wawili wa umri mmoja, miaka 40, kila mmoja ana kilo 80, wakitembea bega kwa bega katika barabara ileile ya kwenda Konde. Mmoja ni mvuvi aliyezoea kazi nzito. Mwingine hukaa ofisini mchana kutwa. Wote wawili wanahitaji lita moja ya oksijeni kwa dakika, kwa kuwa uzito ni mmoja na mwendo ni mmoja. Moyo wa mvuvi husukuma mililita 105 za damu kwa kila pigo. Wa mwenzake, mililita 80. Ili kupeleka lita 10 za damu zinazohitajika kwa dakika, moyo wa mvuvi utapiga mara 95 na wa karani mara 125. Kwa kanuni inayotumika katika saa nyingi, ukanda wa umri wao ni mapigo 108 hadi 126. Basi karani yumo ndani ya ukanda na mvuvi yuko chini yake, ilhali wanatumia kalori zilezile. Zaidi ya hayo, misuli iliyozoeshwa kazi huunguza sehemu kubwa zaidi ya mafuta katika mwendo huo. Yule anayeambiwa na saa kwamba hachomi mafuta huenda ndiye anayechoma zaidi.

Kutoka hapo tunaelewa pia kwa nini mapigo yanaweza kupanda bila kalori kupanda. Jua la mchana na unyevu wa hewa ya Pemba huulazimisha mwili kupeleka damu kwenye ngozi ili ujipoze, na jasho hupunguza maji ya damu. Kila pigo hubeba damu pungufu, kwa hiyo moyo huongeza idadi ya mapigo ili kufidia. Mtu anayetembea kwa mwendo mmoja kwa saa nzima katika joto anaweza kuona mapigo yake yakipanda kwa 10 au 20 kati ya mwanzo na mwisho, na saa ikamwandikia kalori za ziada ambazo hakuzitumia. Homa hufanya hivyo, na vilevile hofu, hasira na kahawa kali. Kazi ya mikono, kama kuvuta kamba ya nyavu, hupandisha mapigo kuliko kazi ya miguu yenye kuhitaji oksijeni ileile. Ukikaa kizingitini ukagombana na jirani, moyo unaweza kufika 110, lakini hakuna anayekonda kwa ugomvi.

Sisemi kwamba mapigo na kalori havina uhusiano. Vina uhusiano, tena mzuri, kwa mtu mmoja, katika kazi ya wastani inayotumia misuli mikubwa ya miguu, katika hali ya hewa isiyobadilika. Ndani ya mipaka hiyo, mapigo yakipanda, matumizi ya oksijeni hupanda kwa mstari ulionyooka. Lakini mstari wa kila mtu una mteremko wake, na saa haiwezi kuujua bila mtu huyo kupimwa katika maabara. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi kwa watu 60 wa kujitolea. Vifaa sita kati ya hivyo vilihesabu mapigo kwa kosa la chini ya asilimia 5. Katika kalori, hakuna hata kimoja kilichofaulu. Kilichokuwa bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Saa ilihesabu vizuri ilichokiona, na ikakisia vibaya isichokiona.

Hata mipaka ya ukanda wenyewe ina asili dhaifu. Kanuni ya kutoa umri kutoka 220 ili kupata kilele cha mapigo ilienea kuanzia mwaka 1971, kutokana na mstari uliochorwa juu ya takwimu zilizokusanywa kutoka tafiti mbalimbali. Ulikuwa makadirio ya wastani wa kundi. Kilele halisi cha mtu mmoja kinaweza kutofautiana na wastani huo kwa mapigo 10, au hata zaidi, juu au chini. Ukichukua asilimia 60 au 70 ya namba isiyo na hakika, unapata ukanda usio na hakika, hata kama kioo cha saa kinauonyesha kwa rangi nzuri.

Kuna funzo jingine, nalo limetoka hapahapa Tanzania. Herman Pontzer na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, walipima nishati inayotumiwa kila siku na Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi. Hawakutegemea mapigo. Waliwanywesha maji yenye atomu za oksijeni na haidrojeni zinazoweza kufuatiliwa, kisha wakapima katika mkojo jinsi zilivyotoka mwilini. Hiyo ndiyo njia sahihi kuliko zote kwa mtu anayeishi maisha yake ya kawaida. Wahadzabe hutembea na kuchimba mizizi kila siku. Hata hivyo, ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, nishati yao ya siku ilikaribiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa vitini. Watafiti wale walieleza kwamba huenda mwili uliozoea kazi nyingi hupunguza matumizi yake mahali pengine. Mjadala juu ya jambo hilo unaendelea, lakini linatosha kututahadharisha: kalori za zoezi haziongezwi juu ya siku kama sarafu katika kibubu. Wakati huohuo, vipimo vya baadaye vya Wahadzabe vilionyesha shinikizo la damu na lehemu katika hali njema. Faida ya kazi ya mwili kwa moyo na mishipa haikusubiri kiuno kipungue.

Sasa nirudi kwa mzee wa Tumbe. Atenololi ni dawa ya kundi la vizuia beta, na kazi yake mojawapo ni kuuzuia moyo usiende mbio. Mtu anayeimeza anaweza asiufikie ukanda wa saa, hata akifanya kazi ya watu wawili, kwa kuwa saa haijui habari ya kidonge. Namba 91 aliyoiona baada ya kukweza ngalawa haikuwa dalili ya uvivu wa mwili wake. Ilikuwa dalili kwamba dawa inafanya kazi. Kuiacha ghafla, kama alivyofanya, kunaweza kuufanya moyo uende kasi kuliko ulivyokuwa kabla ya tiba na shinikizo lipande. Na kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoziba kwa kiasi, kunaweza kuleta maumivu makali ya kifua au shambulio la moyo. Dawa za aina hii hupunguzwa polepole na tabibu, ikiwa ipo haja ya kuziacha. Kundi jingine la watu wanaopaswa kujihadhari ni wale wanaojisukuma kupita nguvu zao ili kuifikia namba ambayo dawa imeifunga.

Tulimpima shinikizo palepale, likawa juu, naye akapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo ili arejeshewe dawa chini ya uangalizi. Kuhusu kazi yake, nilimpa kipimo kisichohitaji betri. Akiweza kuzungumza sentensi nzima lakini hawezi kuimba, kazi ni ya wastani. Akishindwa kutoa zaidi ya maneno machache bila kuvuta pumzi, kazi ni nzito. Kipimo hicho hufuata mwili wenyewe, kwa hiyo hufaa hata kwa anayemeza vizuia beta. Kuhusu tumbo, atumie utepe wa fundi cherehani kupima kiuno mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya kula, na aitazame chai yake: vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili vinaweza kurudisha kalori zote za matembezi ya dakika 45.

Saa sikumwambia aitupe. Ina matumizi mazuri ikiwa italinganisha mtu na nafsi yake. Atembee njia moja, saa ileile ya asubuhi, kwa mwendo uleule, akitumia dozi ileile ya dawa, na aandike mapigo yake. Yakishuka kidogo kidogo baada ya miezi miwili, moyo wake unasukuma damu zaidi kwa kila pigo. Hiyo ni habari njema ambayo ukanda ungeisoma kama kushindwa. Yakipanda ghafla bila sababu ya joto au homa, amwone tabibu.

Na kwa wenzangu tunaotoa ushauri wa mazoezi vituoni, nina ombi moja. Tuache kuandika namba za mapigo katika kadi ya mgonjwa kabla hatujasoma orodha ya dawa zake. Mwanamke anayeanza kutembea baada ya miaka mingi ya kukaa ana sababu njema ya kuanza polepole: ataweza kuendelea kwa muda mrefu, magoti yake yatavumilia, na kesho atarudi tena. Tumwambie sababu hiyo, ambayo ni ya kweli, wala tusimwambie kwamba mafuta yake yanangoja namba fulani ndipo yaungue.